Siku zangu zimekata miezi minne, na sendofu ni mwezi ujao

BintiNgamiani: Habari za humu. Nina miaka 24, niko Tanga. Tangu mwezi wa pili sijaona siku zangu. Mimba nimepima mara mbili, hakuna. Nina kisukari cha sindano tangu darasa la saba, ila siku zilikuwa zinakuja vizuri. Nimesikia kuna vidonge vya kuzishusha. Naomba majina.

MzeeWaRaskazone: Bwana harusi ana habari?

MamaWawili: Sukari haihusiani na siku, hiyo ni homoni. Wifi yangu alipewa metfomini zikarudi.

SistaMstaafu: Mama Wawili, wifi yako mwili wake una insulini ila hauisikii. Huyu hana kabisa. Mwanangu, unachoma uniti ngapi, na kipimo cha sukari ya miezi mitatu kilisoma ngapi?

BintiNgamiani: Asubuhi 20, jioni 10. Kilisoma 12.4.

SistaMstaafu: Mwaka jana je? Na umepungua kilo ngapi?

BintiNgamiani: 7.8. Nimepungua kilo tisa.

Haya, nasema. Ya jioni nimeacha tangu Januari. Nikichoma nanenepa, na gauni limeshashonwa. Si kwamba nimekosa dawa, chupa zimo kwenye mtungi. Na ya asubuhi sijaruka hata siku moja.

Kijana_Chumbageni: Chai hii! Insulini kwenye mtungi kama maji ya kunywa? Mtunzi kasahau friji.

SistaMstaafu: Wewe ndiye hujui. Chungu kidogo ndani ya kikubwa, katikati mchanga mbichi, chupa zimefungwa nailoni. Wasio na friji tumewafundisha hivyo miaka yote. Aliyetunga asingelijua hilo.

Binti, sukari imejaa kwenye damu lakini bila insulini mwili hauwezi kuitumia. Ubongo unaona njaa, unapunguza amri zinazokwenda kwenye ovari, yai halipevuki. Hivyo vidonge huenda visishushe hata tone, maana ukuta wa mji wa mimba haujajengeka. Nenda kliniki kesho wakupangie dozi upya na wapime ketoni kwenye mkojo. Ukitapika, tumbo likiuma au ukihema kwa nguvu, usingoje kesho. Waangalie na tezi ya shingo, nayo huvuruga siku, na wenye kisukari chako huipata sana.

UaLaPwani: Mimi nina lupasi. Zangu zilikata nilipochomwa saiklofosfamaidi kwa ajili ya figo. Mwaka wa pili huu hazijarudi, na hakuna anayenipa jibu.

BintiNgamiani: Pole dada. Sista, nikirudisha ya jioni siku zitakuja lini? Na gauni je?

SistaMstaafu: Lini, siwezi kukuahidi. Wengine miezi. Na kilo zitarudi, za mwanzo nyingi ni maji, miguu inaweza kuvimba kidogo.

MzeeWaRaskazone: Fundi aachie mshono.

BintiNgamiani: Nilimwambia akate kitambaa chote cha ndani.