Babu anaharisha au amefunga choo?

Kikundi: Ukoo wa Babu, Tukuyu

Tumaini: Shikamooni wakubwa. Babu tangu jana anaharisha majimaji, shuka nimebadilisha mara nne. Choo cha kweli alikuwa hajapata siku tisa. Nimenunua dawa ya kuzuia kuharisha, nimpe?

Anti Suzana: Marahaba. Usimpe! Gusa tumbo, ni laini?

Tumaini: Gumu, hasa upande wa kushoto chini.

Anti Suzana: Basi huko si kuharisha. Choo kigumu kimeziba, na majimaji yanapenya pembeni. Wagonjwa wa namna hiyo tunawaona sana kwenye wodi ya saratani. Ukiizuia hiyo, unamfungia zaidi.

Anko Lusajo: Mimi nilisema, ni hiyo mofini anayopewa ya maumivu. Iachwe. Na apewe uji wa pumba za ngano, mimi ulinisaidia baada ya operesheni.

Anti Suzana: Kaka, chanzo ni mofini kweli, lakini ikiachwa maumivu ya mifupa yatarudi usiku huu. Mofini inapunguza msukumo wa utumbo, choo kinakaa kinakauka. Kichefuchefu chake huzoeleka baada ya siku chache, huku kufunga hakuzoeleki. Na pumba kwa mtu anayelala tu na anayekunywa kidogo zinaongeza mzigo mahali pasipo na msukumo.

Mama Neema: Mwanangu naye anaharisha tangu Jumapili, nimpe nini?

Anti Suzana: Mama Neema, huyo ni habari nyingine, mpeleke zahanati. Tumaini, Babu anatapika? Anajamba?

Tumaini: Hatapiki. Anajamba.

Anti Suzana: Afadhali. Angetapika, tumbo likajaa na upepo usitoke, ningesema hospitali sasa hivi, bila dawa ya kusukuma. Mwite muuguzi wa zahanati, avae glovu apime. Akikuta choo kigumu, kidonge cha gliserini kinachowekwa nyuma kinaingia ndani ya choo chenyewe kukilainisha, na cha bisakodili kinagusa ukuta wa utumbo. Hicho cha bisakodili kikizama ndani ya choo hakifanyi kazi.

Tumaini: Halafu?

Anti Suzana: Kila usiku bisakodili ya kumeza, vidonge viwili vya miligramu 5, asubuhi itafanya kazi. Bila choo siku mbili, mwambie daktari aongeze. Sena, dawa nyingine ya kusukuma choo, pia ni nzuri. Hii ilipaswa kuanza siku moja na mofini, na inaniuma kwamba hamkuambiwa.

Anko Lusajo: Na ile sharubati ya laktulosi?

Anti Suzana: Inalainisha, ila inachukua siku moja mbili, inahitaji maji na inajaza upepo. Huongezwa juu ya bisakodili.

Tumaini (asubuhi): Muuguzi alikuja jana jioni. Vimetoka vigumu kama mavi ya mbuzi, vingi, kisha laini. Babu ameomba chai.

Anko Lusajo: Mungu mkubwa. Ila hiyo laktulosi duka la hapa wanauza ghali, nani atachangia?