Wakuu, stoo ya pili nichukue au nisichukue? Madaftari, Oktoba hadi Januari

Mzee Daftari
Wakuu habari za jioni. Nina kiwanda kidogo cha madaftari, Mbagala. Tunanunua karatasi za roli, tunapiga mistari, tunakata, tunabana pini, tunapanga kwenye katoni. Mashine zikiwa nzima natoa katoni 400 kwa mwezi. Vijana wakibaki jioni naongeza 100, lakini kila katoni ya jioni inanigharimu 5,000 zaidi.

Shida ni soko. Oktoba natarajia katoni 200, Novemba 250, Desemba 500, Januari shule zikifunguliwa 800. Katoni ikilala mwezi mzima naihesabia 1,500, maana hela ya karatasi ni ya mkopo. Oktoba naanza bila akiba.

Nimejaza Excel, 400 kila mwezi bila jioni, gharama ya kulaza mzigo imekuja 975,000 tu. Naona nafuu. Ila usingizi sina. Nichukue stoo ya pili au la?

Kalkuleta
Mkuu mbona rahisi. Jumla 1,750, gawa kwa 4, ni 438 kwa mwezi. Zalisha hizo kila mwezi, vijana wanajua ratiba yao, umeme unajulikana. Nyie mnapenda kujitesa.

Mama Sweta
Pole baba. Mimi nashona sweta za shule huku Njombe. Mwaka juzi nilijaza chumba kizima rangi ya kijani, Januari nafika shuleni naambiwa wamehamia maroon. Mpaka leo wanangu wanavaa kijani, na mbwa analalia kijani. Usilaze mzigo, shona kwa oda.

Panya Buku
Stoo ya pili chukua. Sisi wengine tuna familia kubwa na karatasi tunaipenda.

Karani wa Zamani
Mzee, hiyo 975,000 nimeifuata kwa kalamu. Oktoba unabakiwa na 200, Novemba 350, Desemba 250. Januari una 650 mkononi na unatakiwa kutoa 800. Excel yako imeandika akiba -150, ikaizidisha kwa 1,500 na kukupunguzia gharama! Yaani umeuza katoni 150 ambazo hazipo, halafu ukajilipa kwa kutozilaza.

Bila kazi ya jioni hufiki. Swali langu moja, maana ndilo linaloamua kila kitu: stoo uliyonayo inaingia katoni ngapi?

Mzee Daftari
Inatosha kwa kiasi chake.

Karani wa Zamani
Kiasi gani, mzee wangu?

Mzee Daftari
300. Na nisiwafiche, nimeshatoa kishika uchumba 200,000 kwa mwenye stoo ya pili, bado 1,300,000 ya miezi 6. Lakini eneo ni zuri, gari linaingia hadi mlangoni, na bei kama ile hapa hupati. Sioni kama nimekosea.

Panya Buku
Kumbe bwana harusi keshapeleka barua, anakuja kutuuliza kama aoe 😂

Hawa wa Kigamboni
Tatizo hapo ni mkopo. Biashara ya riba haina baraka, hata ungepanga stoo kumi. Ungeanza na mtaji wako mdogo mdogo.

Karani wa Zamani
Sasa tunaongea. Kwanza Kalkuleta: ukitoa 438 kila mwezi, mwisho wa Novemba una katoni 426. Zitalala wapi, barazani? Wastani unasahau kwamba mzigo wa mwezi huu lazima upite kwenye mlango wa stoo ndipo ufike mwezi ujao.

Mzee, kila mwezi ushikwe na mwenzake hivi, t ni mwezi:

```
akiba[t] = akiba[t-1] + kawaida[t] + jioni[t] - soko[t]
kawaida[t] <= 400
jioni[t]   <= 100
akiba[t]   <= 300
akiba[t]   >= 0
```

Mstari wa mwisho usiusahau. Kwenye Solver, yule wa ndani ya Excel anayekutafutia mpango wa gharama ndogo, kile kisanduku cha "Make Unconstrained Variables Non-Negative" kinalinda seli ambazo Solver anazibadilisha tu. Akiba yako ni fomula, hakigusi. Usipoandika sharti lake, Solver atakushauri usizalishe kitu na utajirike.

Kwa stoo yako ya sasa inatoka hivi. Oktoba 350, unabaki na 150. Novemba 400, stoo inajaa 300. Desemba 400 na 100 za jioni, zote 500 zinauzwa, 300 zinabaki palepale. Januari 400 na 100 za jioni, jumlisha zile 300, ni 800 kamili. Kulaza 1,125,000, jioni 1,000,000. Jumla 2,125,000.

Ukiwa na nafasi isiyo na kikomo, Oktoba na Novemba unapiga 400, jioni za Desemba zinashuka hadi 50. Jumla 2,025,000. Yaani stoo ya pili inakuokolea laki moja, na inadai milioni moja na laki tatu. Ile 200,000 usiipigie hesabu, imeshakwenda ukichukua usichukue.

Kalkuleta
Sawa nimekubali kuhusu stoo. Lakini mpango wako Desemba na Januari umekaza hadi mwisho. TANESCO wakikata siku mbili tu, amekwisha.

Karani wa Zamani
Kweli kabisa, hapo umenibana. Na kuna lingine: hesabu hii inaishia Januari, kwa hiyo inakula akiba yote na kumwacha Februari mikono mitupu. Mzee akisema anataka katoni hata 50 zibaki mwisho wa Januari, kwa stoo ya 300 haiwezekani, aidha akatae oda au apate nafasi. Hapo stoo ya pili haiuzi tena laki moja, inauza oda zisizopotea. Faida yako kwa katoni ni shilingi ngapi, na Februari unauza nini?

Shahidi wa Pili
Samahani nivuruge. 200, 250, 500, 800. Uwezo 400, jioni 100, stoo 300, na majibu yanatoka 800 kamili bila hata katoni moja kuzidi. Tangu lini kiwanda cha Mbagala kikawa na namba za mviringo hivi? Hili ni swali la chuo, mnamfanyia mtu kazi ya nyumbani.

Panya Buku
Ndiyo maana faida hajataja. Mwalimu hakumpa 😂😂

Mama Sweta
Na mimi nimemwaga machozi ya sweta bure.

Mzee Daftari
Mwanafunzi ana miaka 51? Namba nimezikata mikia, siwezi kumwaga hesabu zangu zote humu, wauzaji wenzangu wanasoma. Hiyo 300 nitawaambia inatoka wapi. Tunapanga katoni sita kwenda juu. Ukiweka ya saba, ya chini kabisa inatoa tumbo, pembe za madaftari zinapinda na mwenye duka anarudisha. Ukutani tunaacha upana wa mkono, maana vuli hii karatasi inanyonya unyevu na jalada linajikunja kama ulimi. Mwaliko uko wazi, njooni mhesabu.

Shahidi wa Pili
Tumbo la katoni nimelikubali. Februari bado hujajibu.

Mzee Daftari
Februari ni kama 150. Faida sisemi, ila inazidi hiyo 5,000. Mwenye stoo kanipigia sasa hivi, kuna mtu wa mchele anaitaka, jibu kesho saa nne asubuhi.

Karani wa Zamani
Muulize kama atakupa Novemba hadi Januari tu, siyo sita. Ongeza safu ya Februari kwenye Excel, nirushie usiku huu. Nipo hadi saa sita.

Panya Buku
Mwambie mtu wa mchele aichukue. Mchele nao tunakula.