Naomba ushauri: kuondoa marudio ya ulinganifu katika fumbo la pentomino la 8×8

Ndugu wanajukwaa, nimeandika programu inayopanga vipande vyote 12 vya pentomino kwa njia ya ufunikaji kamili. Jedwali lina safuwima 72, yaani 12 za vipande na 60 za vyumba vya ubao, na kila mstari ni namna moja ya kukiweka kipande. Viungo vinavyocheza huondoa safuwima iliyokwisha kufunikwa na kuirudisha pale pale njia inapofungika, hivyo hakuna mpangilio unaorukwa.

Kwenye ubao wa 6×10 nilipata mipangilio 9356. Nilipokizuia kitovu cha X kisitoke robo moja ya ubao, ikabaki 2339, ambayo ndiyo idadi sahihi.

Tatizo liko kwenye ubao wa 8×8 wenye tundu la 2×2 katikati. Hila ile ile inanipa 130, ilhali jibu linalojulikana ni 65, kwa sababu mraba una ulinganifu wa mshazari pia. Nimebakiza vitovu (2,3), (2,4) na (3,3) tu, lakini cha mwisho kiko juu ya mshazari wenyewe, na kila mpangilio wake bado huhesabiwa mara mbili.

Nafikiria kuendesha utafutaji mara tatu, na kwa (3,3) pekee kufuta mistari yote ya P iliyogeuzwa. Je, kuna njia safi zaidi ya kuliweka sharti hilo ndani ya jedwali moja, pengine kwa safuwima zisizo za lazima?