Safari ya farasi kwenye ubao: kurudi nyuma, kanuni ya Warnsdorff, au kuchanganya?

FundiKodi:
Wakuu, habari za jioni. Nina zoezi la kuandika programu inayomtembeza farasi wa chesi kwenye ubao mzima, kila mraba akanyage mara moja tu. Nimeona njia tatu. Ya kwanza ni kujaribu hatua kwa mpangilio uleule, ukikwama unarudi nyuma. Ya pili ni kanuni ya Warnsdorff: nenda kwenye mraba wenye njia chache za kutokea. Ya tatu ni kuzichanganya. Ile ya kwanza kwenye 5x5 inamaliza mara moja, lakini kwenye 8x8 inazunguka tu bila jibu. Kabla sijaanza upya, ninyi mngechagua ipi na kwa nini?

Mzee_wa_Ubao:
Ndugu, kwanza uelewe kwa nini ile ya kwanza inakwama, ndipo utajua dawa. Kona a1 ina milango miwili tu, b3 na c2. Farasi akipita b3 na baadaye c2 bila kuingia a1, kona imekufa. Nani ataifikia tena? Programu yako haijui hilo. Inaendelea mpaka hatua ya hamsini na kitu, inakwama, inarudi hatua mbili, inajaribu tena, inakwama. Inapangua mwisho wa safari ilhali kosa liko mwanzoni, na kati ya hapo na pale kuna matawi ambayo huwezi kuyamaliza.

Warnsdorff, Mjerumani aliyetoa kanuni yake mwaka 1823, aliligeuza tatizo: mraba unaokaribia kufungwa uingie sasa, maana baadaye hutaupata. Ile yenye milango mingi itakusubiri.

Chukua kalamu na ubao wa 5x5, uanzie a1. Nenda b3 (c2 ni kioo chake tu). Kutoka b3 kuna a5, c1, c5, d2 na d4. Hesabu milango iliyobaki: a5 ana mmoja tu, wengine wanne wana mitatu kila mmoja. Basi a5, na kutoka hapo ni c4 tu. Kutoka c4, e5 ana mlango mmoja, d2 ana miwili, waliobaki mitatu. Nenda e5, kisha d3. Hapo e1 ana mmoja, ingia, utokee c2. Umekanyaga miraba 8 na kona zote nne zimekwisha.

Sasa tazama iliyobaki. Ukiiacha c3 ya katikati, miraba 16 inaungana kuwa duara moja: a3, b1, d2, e4, c5, a4, b2, d1, e3, d5, b4, a2, c1, e2, d4, b5, halafu a3 tena. Kutoka c2 unaingia a3 na kulizunguka. Njiani c3 inakuita mara kwa mara, lakini ukifika b1, hiyo c3 ina milango 7 na d2 ana mmoja, kwa hiyo kanuni inaipita. Ukifika e2 ndipo d4 na c3 wanakuwa sare, mmoja kwa mmoja. Ukienda d4, b5, c3 umemaliza. Ukienda c3, b5, d4 umemaliza vilevile. Hujarudi nyuma hata mara moja.

Zuwena_K:
Asante mzee, lakini mimi kanuni hiyohiyo kwenye 5x5 imenikatalia. Nikianzia b1 haimalizi, hata nikibadilisha mpangilio wa hatua. Kwa hiyo si ya kuaminika.

Mzee_wa_Ubao:
Dada Zuwena, hapo usiilaumu kanuni. Farasi hubadilisha rangi kila hatua. Miraba 25 ina 13 ya rangi ya kona na 12 ya rangi nyingine, na anayetembea yote 25 lazima aanzie kwenye ile yenye 13. b1 iko kwenye 12. Hakuna njia yoyote duniani itakayokupa safari kutoka pale. Programu yako ikichanganywa na kurudi nyuma, itajaribu kila kitu na kusema hapana, na hilo ndilo jibu sahihi.

Bishoo_wa_Data:
Kwa 8x8 msimchanganye kijana. Warnsdorff peke yake inatosha, haikosei. Kodi ni hii tu, `HATUA` ikiwa orodha ya miruko minane ya farasi na `wazi` ikiwa seti ya miraba ambayo haijakanyagwa:

```python
def njia(r, c):
    return [(r+a, c+b) for a, b in HATUA
            if (r+a, c+b) in wazi]

def chagua(r, c):
    return min(njia(r, c), key=lambda m: len(njia(*m)))
```

Mzee_wa_Ubao:
Kodi ni nzuri, ila "haikosei" ifute. Kwenye 8x8 mara nyingi inafika, lakini hakuna dhamana. Shida ni sare. Hapo `min` inachukua wa kwanza kwenye orodha, kwa hiyo anayeamua ni mpangilio wa `HATUA`, si kanuni. Jaribu 8x8 kutoka a1: b3, halafu a5 na c1 wote wana milango mitatu. Hatua ya pili tu na tayari ni sare! Ubao ukikua, sare zinaongezeka na kukwama kunaongezeka. Mwaka 1967 Ira Pohl alipendekeza sare iamuliwe kwa kuhesabu hatua moja mbele zaidi. Inasaidia, lakini nayo si kinga kamili.

FundiKodi:
Kwa hiyo nichanganye?

Mzee_wa_Ubao:
Ndiyo. Badala ya `min` tumia `sorted`, ujaribu kwa zamu. Ongeza ukaguzi mmoja: kama jirani yeyote ana milango sifuri na si yeye wa mwisho aliyebaki, rudi papo hapo. Ukimwingia umekwama, ukimwacha hutamfikia tena. Vivyo hivyo kwa majirani watatu wenye mlango mmoja mmoja. Utamwingia mmoja, na wawili waliobaki kila mmoja atadai awe mwisho wa safari.

Njugu_Mawe:
Mimi 8x8 safi, lakini 40x40 inaanguka katikati na kuandika `RecursionError`. Ina maana kanuni imeshindwa?

Bishoo_wa_Data:
Hapana kaka, hiyo ni Python. Kikomo chake cha kawaida cha kazi kujiita ni 1000, na wewe una miraba 1600. Weka njia kwenye orodha yako mwenyewe, tumia `while`.

Zuwena_K:
Na kama nataka safari iliyofungwa, yaani mwisho awe hatua moja kutoka alikoanzia? Kwa 8x8 sasa, 5x5 nimeelewa haiwezekani.

Mzee_wa_Ubao:
Basi usianzie kona. Ukitoka a1 kwenda b3, lazima umalizie c2, mraba mmoja tu. Anzia d4: ana majirani 8, umetumia mmoja, kwa hiyo miisho 7 inakubalika. Safari iliyofungwa ni duara, ukiipata unaweza kuisoma kuanzia popote. Ila Warnsdorff haikulengi huko. Utakuwa unabadilisha sare mpaka ibahatike.

Njugu_Mawe:
Kuna ile ya kukata ubao mkubwa vipande, kutembea kila kipande na kuviunga. Ian Parberry aliiandika mwaka 1997 na haikwami kabisa.

Bishoo_wa_Data:
Haikwami, lakini ukichora mistari unaona viraka vinajirudia. Kwangu hiyo si safari.

FundiKodi:
Mwalimu hajasema lazima iwe nzuri machoni 😄 Naanza na mchanganyiko, sare naziamua kwa umbali kutoka katikati, wa pembeni kwanza. Kuna aliyelinganisha hiyo na ya Pohl kwenye mbao kubwa?