Nikiandika kwenye skrini ya laptopu ya kugeuza, kiganja nacho kinaandika. Nibadili kalamu au mashine?

MwlHesabu_Moro:
Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni mwalimu wa hesabu, narekodi vipindi vya kidato cha tatu na cha nne. Mwezi uliopita nilinunua laptopu iliyotumika, ile ambayo skrini inageuka mpaka nyuma ikawa kama tableti. Muuzaji akanipa na kalamu "ya skrini" ya bure, ina kichwa cha mpira mweusi chenye unene kama wa ncha ya kidole changu kidogo.

Nikiinua mkono hewani naandika vizuri. Nikiulaza tu, kwisha habari. Jana nafafanua mlinganyo wa kipeo cha pili, nafika kwenye kipeuo, chini ya mkono kuna nukta saba na mstari mrefu umekata alama ya sawasawa. Ukurasa wenyewe unahama kushoto na kulia. Wanafunzi wameuliza kama ile nukta ni desimali.

Nimeambiwa ninunue kalamu yenye betri, ila bei yake imenishtua. Je, itaondoa tatizo, au skrini yenyewe ni mbovu?

Kibonge_Ilala:
Pole mwalimu. Usitupe hela. Nunua glavu ya wachoraji, ile ya vidole viwili, au kata soksi nyepesi. Skrini inahisi ngozi, ukiifunika ngozi haikuoni. Mimi nilifanya hivyo na tableti, mambo safi.

BabaJunior77:
Ingia kwenye mipangilio ya tachipedi, punguza `Touchpad sensitivity`. Mimi nikichapa dole gumba lilikuwa linagusa pale chini, kishale kinaruka mistari mitatu. Nilipunguza, ikaacha.

MwlHesabu_Moro:
Baba Junior, asante, ila mimi siongelei pale chini ya kibodi. Ni kioo chenyewe.

FunguoNaSkrubu:
Mwalimu, skrini yako haina kosa, inafanya ilichoambiwa. Kalamu uliyopewa mimi naiita bubu. Haina kitu ndani, kazi yake ni kupitisha umeme mdogo wa mwili wako mpaka kwenye kioo, kama kidole. Ndiyo maana kichwa chake ni kinene: kingekuwa chembamba kama cha biro, kioo kisingekiona. Sasa jiweke upande wa mashine. Inaona miguso miwili, mmoja wa mpira, mwingine wa kiganja, na yote ni ya aina moja. Itajuaje upi ni wa mwalimu na upi ni wa mkono wa mwalimu? Inaweza kukisia kwa ukubwa, kwamba doa pana ni kiganja. Lakini kiganja hakitui chote kwa mpigo. Kinaanza na ule ukingo wa upande wa kidole kidogo, na doa lake la kwanza ni dogo kama la kidole. Hapo ndipo nukta zako saba zinapozaliwa.

Kalamu nyingine, hiyo yenye betri, inaongea. Ncha yake inatoa ishara yake, na kioo kinaisikia hata kabla haijagusa, ikiwa kama sentimita moja juu. Mashine ikishasikia kwamba kalamu ipo, inaacha kupokea miguso ya ngozi. Haikisii tena ukubwa wa doa.

Kibonge, glavu inasaidia mkono kuteleza, na kwa skrini nyingine inapunguza nukta. Lakini vioo vingi vya sasa vinahisi kupitia kitambaa chepesi, hasa ukikandamiza, na jasho likishaloa glavu umerudi palepale.

Kabla hujanunua, fungua `Settings`, kisha `System`, kisha `About`, utafute mstari wa `Pen and touch`. Umeandika nini?

MwlHesabu_Moro:
Umeandika `Pen and touch support with 10 touch points`.

FunguoNaSkrubu:
Una bahati. Ungekuwa umeandika `Touch support` peke yake bila neno `Pen`, ningekwambia usinunue kalamu yoyote, maana kioo kisingekuwa na masikio ya kuisikia.

Kilichobaki ni lugha. Kuna kioo kinachoelewa MPP ya Microsoft, kuna kinachoelewa AES ya Wacom, na hawaelewani. Chukua jina kamili la modeli lililo chini ya mashine, tafuta kwa mtengenezaji inatumia ipi. Zipo kalamu zinazoongea zote mbili, mfano Bamboo Ink, unabana vitufe viwili vya ubavuni kwa pamoja kubadilisha. Na muuzaji akisema "hii inaungana kwa bluututhi kwa hiyo inaingia mashine zote", ondoka dukani. Bluututhi ni ya vitufe tu, wino haupiti huko.

DadaWino:
Mimi mchoraji, nina kalamu ya simu ya Galaxy Note, haina betri kabisa na kiganja hakichafui kitu. Nimeijaribu kwenye laptopu ya mdogo wangu, kimya kama fimbo. Kwa hiyo hizi habari za betri zina walakini.

FunguoNaSkrubu:
Hujakosea, dada. Hiyo ni EMR, lugha ya tatu. Umeme wake inaupata kutoka kwenye ubao ulio nyuma ya kioo, kwa hiyo nayo inaongea ingawa haina betri. Laptopu ya mdogo wako haina huo ubao.

MwlHesabu_Moro:
Mrejesho. Yangu ni MPP. Nimeazima kalamu kwa mwalimu mwenzangu. Nikiishika juu ya kioo bila kugusa, kinatokea kidoa kidogo kinaifuata. Ile ya mpira haikuwahi kufanya hivyo! Nimeandika ukurasa mzima wa vipeuo mkono umelala. Ila bado mwanzo wa mstari napata nukta moja, na wakati mwingine ukurasa unahama.

FunguoNaSkrubu:
Nadhani unalaza mkono kwanza, halafu unaleta kalamu, kama tulivyozoea kwenye daftari. Ile nusu sekunde mashine haijasikia kalamu, mkono unahesabiwa kidole. Programu nyingine huifuta nukta hiyo baadaye, nyingine huiacha. Tanguliza ncha karibu na kioo, mkono ufuate. Kwenye `Pen & Windows Ink` washa `Ignore touch input when I'm using my pen`, na kama unatumia OneNote, kwenye `Draw` zima `Draw with Touch`.

MwlHesabu_Moro:
Nimezima, nukta zimekwisha. Kuhama kwa ukurasa kumepungua, hakujaisha: nikiinua kalamu juu sana nikifikiri, mkono ukabaki chini, unasogea.

Kingine, nikichora mstari wa mshazari polepole, mfano mhimili wa grafu, unatetemeka kama umechorwa na mgonjwa wa malaria. Haraka unanyooka.

Kibonge_Ilala:
Hiyo sasa ni betri ya kalamu.

FunguoNaSkrubu:
Betri ikiisha mstari hukatikakatika, hautetemeki. Mtetemo wa mshazari ni ugonjwa wa kalamu nyingi za MPP na AES, tumia rula ya ndani ya programu. Lakini chomoa chaja kwanza uchore tena. Chaja isiyo na waya wa ardhi inaingiza kelele kwenye kioo.

MwlHesabu_Moro:
Nimechomoa. Umepungua kidogo, au ni macho yangu. Umeme umekatika mtaa mzima, nitalinganisha ukirudi.

DadaWino:
Mwalimu, ile ya mpira kama huitaki, mwanangu anaitaka.