Limiti oda au maketi oda kwa boti, soko likichachamaa?

kinara_chati: Wakuu naomba msaada, boti yangu naiwasha laivu wiki ijayo na sijaamua iingie kwa limiti au maketi. Kwenye baktesti limiti imeshinda kwa mbali. Ipi bora bei ikiwa inakimbia?

mzee_wa_spredi: Hujasema boti inafanya nini mkuu. Inafukuzia brekiauti au inasubiri bei irudi? Na baktesti inahesabu umejazwa bei ikigusa tu?

bei_yangu: Limiti siku zote, slipeji haikupati. Maketi ni kumgawia brokea hela.

kinara_chati: Brekiauti, chati ya dakika moja. Ndio, ikigusa nahesabu nimeingia. Inashinda kama 40 kwa 100.

mzee_wa_spredi: Basi hiyo baktesti inakudanganya. Tuseme brekiauti iko 100.00, lengo 100.60, stopu 99.70. Ukitega limiti 100.00, bei ikichomoka moja kwa moja inakuacha hapo hapo, ila ile inayogeuka kuporomoka lazima ikujaze kwanza maana inapita kwenye oda yako. Hasara unazibeba zote, faida unaambulia baadhi. Ukienda maketi ukajazwa 100.12, faida inabaki pointi 48 badala ya 60 na hasara inakuwa 42 badala ya 30. Mwanzo ulihitaji kushinda 1 kati ya 3 ili usipoteze, sasa karibu 47 kwa 100. Hiyo 40 haitoshi.

mvumilivu77: Mi nanunua hisa nakaa nazo miaka, limiti inanitosha. Dakika moja ya nini?

dada_stopu: Mnaongelea kuingia tu, kutoka je? Boti niliyouziwa ilikuwa na stopu inayogeuka limiti ikiguswa. Ikatoka taarifa ya ajira ya Marekani, bei ikaruka kutoka juu ya stopu mpaka chini ya limiti bila kupita katikati, oda ikabaki inaning'inia, boti ikajiandikia kuwa imeshatoka na ikaanza kusaka tredi nyingine huku ile ya kwanza inazidi kuzama na hakuna anayeiangalia.

bei_yangu: Brokea huyo alikuwa anawinda stopu.

mzee_wa_spredi: Si lazima. 15 Januari 2015 benki kuu ya Uswisi ilipoacha kulinda 1.20 ya yuro kwa faranga, wanunuzi walipotea, hata stopu za maketi zikajazwa mbali kabisa.

kinara_chati: Kwa hiyo zote mbovu?

mzee_wa_spredi: Kuna limiti yenye dari. Bei ikivunja 100.00 tuma limiti ya kununua 100.05 yenye `IOC`, kinachopatikana papo hapo unachukua, kinachobaki kinafutwa. Ukijazwa 100.05 unahitaji kama 39 kwa 100. Umepita kwa kubana. Boti isome imejazwa kiasi gani kweli, inaweza kuwa nusu tu.

dada_stopu: Na zinazofutwa si ndo zile zinazokimbia sana? Hapo 40 yake inabaki 40 kweli?

mzee_wa_spredi: Ndo ninachohofia na mimi. Aiwashe kwa loti ndogo, kila oda iliyofutwa aiandike bei ilifika wapi baadaye.

kinara_chati: Jukwaa langu sioni hiyo `IOC`, kuna `FOK` tu, ile ya kujazwa yote papo hapo au kufutwa yote. Inafaa?

bei_yangu: Badili brokea.