Barua ya ofa hoteli Malindi: wao wanitimue kwa saa 24, mimi niwape mwezi mzima??

mpishi_ksmndogo:
Jamani nina hasira hata chai haishuki. Nimepata kazi ya jikoni kwa hoteli moja ya ufuoni hapa Malindi, jina siitaji, nikafurahi weee mpaka nilipokaa nikaisoma barua yenyewe. Mshahara 32,000 "pamoja na nyumba na marupurupu yote". Naanza tarehe 1 Desemba, probesheni miezi 6 "na inaweza kuongezwa kadiri mwajiri atakavyoona". Ndani ya hiyo probesheni wao wananiachisha kwa notisi ya saa 24 lakini mimi nikitaka kutoka niwape siku 30. Likizo siku 14 kwa mwaka.

Na ile iliyonimaliza kabisa, nikishaondoka nisifanye kazi hoteli wala mkahawa wowote kuanzia Kilifi mpaka Lamu kwa miaka 2!! Mimi napaka samaki nazi na kukata vitunguu, siri gani ya kampuni nitakimbia nayo Watamu? Halafu nikiwa kwao nisifanye kazi ingine yoyote, na mtaa mzima unajua wikendi napika pilau za harusi. HR ananiambia saini kabla ya Ijumaa, kuna foleni nje. Huu si uonevu huu?

dada_wa_shela:
Pole kaka. Mimi Lamu walinikata pesa ya yunifomu kwa mshahara na ilhali sikuambiwa, angalia sana hapo kwa yunifomu.

mpishi_ksmndogo:
Dada yunifomu haikuandikwa popote, mimi nauliza notisi na hiyo ya miaka 2.

babu_risiti:
Saini tu kijana. Hicho kipengele cha kukuzuia kufanya kazi kwingine ni batili Kenya, hakina nguvu. Na probesheni kisheria ni miezi 3, wakizidisha ushakuwa permanenti.

steward_mstaafu:
Babu hapo kwa miezi 3 umechanganya. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 42, inaruhusu mpaka miezi 6, na kuongeza mpaka 6 tena, lakini kuongeza ni kwa makubaliano na mfanyakazi. Hiyo "kadiri mwajiri atakavyoona" ndiyo shida ya barua hii. Kijana hesabu hiyo miezi yako inaishia wapi: mwisho wa Mei, masika, hoteli tupu, wageni hakuna. Umewapikia msimu wote wa Krismasi na Pasaka halafu mvua ikianza wanakwambia bado tunakuangalia, au nenda nyumbani. Hilo nimeliona sana Malindi na Watamu, na si bahati mbaya.

Saa 24 nayo haishiki. Kifungu hicho hicho kinasema notisi ya kuvunja probesheni isipungue siku 7, ama wakulipe mshahara wa siku 7. Kwa 32,000 ukigawa kwa siku 30 ukazidisha mara 7 ni kama 7,400 na kitu. Ukishathibitishwa, kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28 kwa maandishi. Likizo ya 14 pia iko chini, sheria ni siku 21 za kazi kwa mwaka na mshahara wako kamili.

Nyumba hapo hawajakosea, mshahara unaweza kujumlisha nyumba bora iandikwe, na wameandika.

babu_risiti:
Sawa miezi nimekosa, lakini ile ya Kilifi mpaka Lamu je?

steward_mstaafu:
Haifi yenyewe mzee. Kuna sheria yake, Sura ya 24, Mahakama Kuu ndiyo inaweza kuibatilisha, inaangalia muda, eneo na aina ya kazi kama vina maana. Kumfungia mpishi wa kawaida pwani yote hiyo miaka 2 sioni jaji akiipenda. Lakini kabla ya jaji, hoteli ya pili ikionyeshwa karatasi yenye saini yako inaogopa, inachukua mwingine. Kwa hiyo kijana aombe ifutwe kabla hajasaini.

mpishi_ksmndogo:
Na harusi zangu?

steward_mstaafu:
Hiyo ni ngumu kidogo, ukiwa umeajiriwa wana haki ya kudai usiwafanyie kazi wapinzani wao. Omba waandike "isipokuwa kazi za familia na harusi siku ya ofu".

dada_wa_shela:
Na sevisi chaji imeandikwa? Mimi niliahidiwa kwa mdomo.

mpishi_ksmndogo:
Loo! Hata haimo, HR aliniambia tu kwa mdomo kwamba msimu ukiwa mzuri inafika karibu nusu ya mshahara.

mama_pilau:
Kwa hizo siku 30 wewe unazodaiwa mbona hakuna aliyejibu? Yangu ilikuwa hivyo hivyo, nikaondoka kwa siku 7 wakanizuilia mshahara wa mwisho, sijalipwa mpaka leo.

steward_mstaafu:
Siku 7 ni kiwango cha chini, wanaoandika barua hujitetea kwamba mkikubaliana zaidi ni sawa, mimi napinga kwa sababu wao wamejipa saa 24. Lakini mshahara wa siku ulizofanya kazi hawana haki ya kuukalia, nenda ofisi ya kazi na barua yako na payislipi.

mpishi_ksmndogo:
Nimemwandikia HR imeili saa hii, vitu vinne: kuongeza probesheni tukubaliane kwa maandishi, notisi siku 7 pande zote, likizo 21, ile ya miaka 2 itoke. Sevisi chaji na harusi nimeweka chini kabisa. Amesoma, hajajibu.

babu_risiti:
Wakikataa?

mpishi_ksmndogo:
Babu sijui, kodi nayo inangoja.